Vizuri Ni Kiasi Gani? Jinsi Rubriki Inavyojaribiwa Kabla ya Kumpima Mwanafunzi

Katika ripoti waliyoitoa mwaka 1961, watafiti watatu wa Marekani, Paul Diederich, John French na Sydell Carlton, walieleza jaribio lililowatia walimu wengi kiwewe. Waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, wakawaomba wazigawe katika mafungu tisa kwa kadiri ya ubora wake. Wasomaji hao walikuwa watu wazito: walimu wa Kiingereza, wanasayansi, wanasheria, wahariri, wakuu wa biashara. Hawakupewa kigezo chochote. Asilimia 94 ya insha zilijikuta katika mafungu saba, manane au yote tisa, kutegemea nani kasoma. Hakuna insha hata moja iliyopata mafungu chini ya matano.

Haikuwa uzembe. Watafiti walipochambua maelezo ya wasomaji waligundua kwamba kila kundi lilikuwa likitazama kitu chake. Kuna waliotazama mawazo, kuna waliosaka makosa ya tahajia na sarufi, wengine mpangilio, wengine uteuzi wa maneno, wengine ile ladha ya mwandishi mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo Diederich alitengeneza kipimo kilichotenganisha mambo hayo, kila moja lipewe alama zake. Rubriki tunazozijaza leo ni ukoo huohuo: jedwali lenye vigezo upande wa kushoto, viwango upande wa juu, na ndani ya kila kisanduku maelezo ya kazi inayostahili kiwango hicho.

Kutenganisha vigezo kulimaliza nusu ya ugomvi. Nusu iliyobaki ilihamia ndani ya visanduku, na huko ni vigumu zaidi kuiona, kwa sababu jedwali likishachorwa kila mtu hudhani wameshaelewana. Dawa ni kulijaribu jedwali hilo kwa kazi halisi za wanafunzi kabla halijaamua alama ya mtu yeyote. Walimu wengi hulisikia jambo hili wakadhani ni shughuli ya wasomi wa takwimu. Kumbe yatosha kuwa na walimu wachache, bahasha ya insha za zamani na alasiri mbili zisizo na usumbufu.

Tuchukue mfano. Nimeuunda mwenyewe, ila sidhani kama kuna kitu ndani yake ambacho mwalimu wa Kiswahili hajapata kukiona. Walimu watano wa sekondari msingi huko Kwale wanataka kupima insha za hoja za Gredi ya 8. Mada ni hii: bodaboda wapigwe marufuku kubeba wanafunzi, au wasipigwe? Wamechora rubriki yenye vigezo vinne, yaani Hoja, Mpangilio, Lugha na Mapambo, na viwango vinne ambavyo walimu wa Kenya wanavijua kwa moyo tangu mtaala wa umilisi uingie: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Wamevipa alama 4, 3, 2 na 1, kwa hiyo insha bora kabisa inapata 16. Kwenye mstari wa Hoja wameandika hivi, kutoka juu kwenda chini: hoja zimekuzwa vizuri sana, hoja zimekuzwa vizuri, hoja zimekuzwa kwa kiasi, hoja hazikukuzwa.

Rubriki za namna hii zimejaa kila shule, na zinapendeza machoni. Sentensi ni ileile kutoka juu hadi chini, kinachobadilika ni kielezi tu. Walimu watano wakiulizwa kama wanaielewa, wote watasema ndiyo, na kila mmoja atakuwa anasema kweli.

Kazi ya kwanza ni kuchagua sampuli, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika mapema. Kishawishi ni kuchukua insha safi zinazosomeka, nne nzuri, nne za wastani, nne dhaifu. Insha kama hizo rubriki yoyote itazipanga. Rubriki hupimwa na insha zinazosumbua. Kwa hiyo walimu wetu wanachukua insha 12 za darasa la mwaka jana, ambalo alama zake zimekwisha kufungwa na hazitaguswa, na wanahakikisha humo mna watundu: insha ndefu isiyosema kitu, insha fupi yenye wazo kali, insha iliyokaririwa kutoka kitabuni na kubandikwa kichwa cha bodaboda, insha iliyotoka nje ya mada lakini kwa Kiswahili cha kupendeza, na insha yenye mwandiko wa kuku aliyekwaruza mchangani. Majina yanafunikwa, alama za zamani zinafutwa, kila insha inapewa nambari na kila mwalimu anapata nakala yake. Kumi na mbili zinatosha kwa shule moja, maana lengo hapa ni kukamata maneno mabovu tu. Baraza la mitihani linaloandaa kipimo cha nchi nzima linahitaji kazi nyingi zaidi na hesabu nzito zaidi.

Kisha kila mmoja anasahihisha peke yake. Hakuna kuulizana, hata kwa jicho. Mpangilio wa insha unatofautiana kwa kila mwalimu, kwa sababu insha ya wastani ikisomwa baada ya insha mbovu huonekana dhahabu, na ikisomwa baada ya nzuri huonekana takataka. Kuna sharti jingine linalowachosha watu, lakini ndilo lenye faida: unasahihisha kigezo kimoja kwa insha zote 12, kisha unarudi mwanzo na kigezo cha pili. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920, kwa kutazama jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao, kwamba sifa moja huambukiza sifa nyingine. Anayeonekana mwerevu hupewa pia alama za uongozi na za tabia. Kwenye insha ni vivyo hivyo. Ukisahihisha insha moja vigezo vyote kwa mpigo, lugha tamu itavuta alama za hoja juu, na hutajua.

Mwisho, kando ya kila alama mwalimu anaandika neno au maneno ya rubriki yaliyomfanya aamue, na pale aliposita anaweka alama ya kuuliza. Alama hizo za kuuliza zina thamani kuliko alama zenyewe. Walimu wawili wanaweza kuandika 3 wote wawili kwa bahati tu, lakini alama ya kuuliza inakuambia kwamba mmoja wao alirusha shilingi.

Sasa tuziangalie insha mbili kwa karibu. Hii ni aya kutoka insha nambari 3, yenye mwandiko wa kuchora:

“Bodaboda wasiruhusiwe kamwe kubeba wanafunzi kwani ni hatari mithili ya simba mwenye njaa. Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Aidha, usalama ni jambo la maana kwa kila binadamu, wadogo kwa wakubwa, kwani pasipo usalama hapana uhai, na pasipo uhai hapana masomo.”

Na hii ni kutoka nambari 7, ambayo ndiyo ya mwandiko wa kuku:

“Mimi napanda boda kwa sababu matatu hazifiki kwetu. Wakikatazwa nitatembea kilomita sita na nitafika somo la kwanza limeisha. Watu wanasema boda ni hatari na ni kweli lakini hatari kubwa ni kubeba watatu. Kwa hivyo wasikatazwe, iwekwe sheria ya mwanafunzi mmoja na apewe helmeti.”

Kwenye kigezo cha Hoja, walimu watano waliipa insha ya 3 alama hizi: 4, 3, 2, 4, 2. Insha ya 7 ilipata 2, 3, 3, 2, 4. Huo ni mtawanyiko wa viwango viwili kwa kila insha, yaani mtoto huyohuyo anazidisha matarajio kwa mwalimu mmoja na anayakaribia tu kwa mwingine, na tofauti ni mlango wa darasa alioingia.

Lakini kabla ya kuilaumu rubriki, lazima ujue mkosaji ni nani, maana wako watatu na kila mmoja huacha nyayo zake. Mkosaji wa kwanza ni mwalimu mwenyewe. Ukiona mwalimu mmoja yuko chini ya wenzake kwa alama moja kwenye insha karibu zote na kwenye vigezo vyote vinne, huyo ni mkali tu, na kuandika upya maelezo ya rubriki hakutambadilisha. Anahitaji kukaa na wenzake, wasome insha pamoja, arekebishe mizani yake. Mkosaji wa pili ni insha. Ikiwa insha moja, tuseme ile iliyokaririwa, imewagawanya walimu kwenye kila kigezo huku insha nyingine zikipita salama, basi rubriki haina kosa isipokuwa haisemi kazi za namna hiyo zifanyweje, na jibu ni kanuni moja chini ya jedwali. Mkosaji wa tatu ni maelezo yenyewe. Nyayo zake ni hizi: walimu wanapatana kwenye Mpangilio, wanapatana kiasi kwenye Lugha, halafu kwenye Hoja wanasambaratika, insha baada ya insha, na alama za kuuliza zimejazana mahali pamoja. Katika mfano wetu, zilijazana kati ya 2 na 3. Mpaka kati ya “kwa kiasi” na “vizuri” haukuwa na kigingi.

Hapa kuna mtego wa hesabu ambao sipendi kuuruka. Walimu wengi huhesabu ni mara ngapi wawili wamepatana, wakipata nusu au zaidi wanaridhika. Lakini fikiria walimu wawili wasiosoma chochote, wanaogawa alama 2 na 3 tu, nusu kwa nusu, kwa kufumba macho. Watapatana karibu nusu ya insha bila kufungua hata moja. Ndiyo sababu Jacob Cohen alipendekeza mwaka 1960 kipimo kiitwacho kapa, ambacho huondoa kwanza mapatano ya bahati kisha kikapima yaliyobaki. Kwa insha 12 huhitaji kuikokotoa kapa, wala jibu lake halitakuwa imara. Yatosha kukumbuka kwamba nusu, pale ambapo alama karibu zote ziko kwenye viwango viwili vya kati, ni sawa na sifuri.

Walipokaa kuzungumza, mwalimu mwenye ukongwe kuliko wote alianza kwa swali moja tu. “Walimu wangu, mliposoma ‘kukuzwa’ mlitazama nini?”

Majibu yalikuwa matatu. Wa kwanza alitazama urefu wa aya: hoja iliyoelezwa kwa sentensi nyingi imekuzwa. Wa pili na wa nne walihesabu idadi ya sababu. Wengine wawili walitafuta kama sababu imethibitishwa kwa jambo lililotokea au linaloweza kutokea. Kwa maneno mengine, walimu watano walikuwa wakitumia rubriki tatu, zote zimeandikwa kwa wino uleule.

Tiba ya haraka ikaja mezani papo hapo: tuweke idadi. Kiwango cha 4 kiwe hoja nne au zaidi, cha 3 hoja tatu, cha 2 hoja mbili. Wakaijaribu palepale kwenye insha sita, na mapatano yakapanda kama maji ya bamvua. Karibu kila insha walimu wote watano waliandika namba ileile. Ningependa msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo rubriki nyingi hufia huku zikisifiwa. Mapatano ni bidhaa rahisi kununua. Ukipima insha kwa kuhesabu mistari, walimu wote duniani watapatana. Swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kama namba hiyo inapima kile ulichokusudia kupima. Wataalamu wa upimaji huliita uhalali. Na kwa kanuni mpya, insha ya 3 iliyosema jambo lilelile mara nne kwa nguo tofauti ilipata 4, na insha ya 7, yenye sababu mbili zilizosimama kwa miguu yao, ikashuka hadi 2.

Wakaitupa idadi. Walichofanya badala yake ndicho ninachokiona kuwa kiini cha zoezi zima. Walizitandaza mezani insha ambazo, baada ya majadiliano, wote walikubali ni za kiwango cha 2 kwa hoja, na insha ambazo wote walikubali ni za 3, wakaulizana: hizi zina nini ambacho zile hazina? Maelezo yakaandikwa kutoka kwenye insha, badala ya insha kulazimishwa kuingia kwenye maelezo. Kiwango cha 3 kikawa: kila hoja ina sababu yake, na hoja kuu imeonyeshwa kwa mfano, tukio au maelezo ya jinsi jambo linavyotokea. Kiwango cha 2 kikawa: hoja zina sababu, lakini sababu zinarudia dai kwa maneno mengine, au ni za jumla kiasi kwamba zingefaa mada yoyote.

Tazama kiwango cha 2 kilivyojengwa. Hakisemi “kidogo kuliko 3.” Kinaeleza kitu kinachoonekana kwenye karatasi, kosa lenye sura yake. Sentensi ya insha ya 3 kuhusu usalama, uhai na masomo inaweza kuhamishiwa kwenye insha ya moto, ya maji au ya umeme bila kubadilisha neno. Mwalimu akiisoma anaweza kuiwekea kidole. Kigezo kizuri kina tabia hiyo: wawili wakibishana, wanabishana juu ya sentensi fulani ya mwanafunzi, wala si juu ya uzito wa neno “vizuri.”

Uhalali una jaribio lake pia, na linafanyika kabla walimu hawajaizoea rubriki mpya. Mtafute mwalimu mzoefu ambaye hajaiona rubriki, mpe insha zilezile 12, umuulize swali moja linalotokana na lengo la kazi. Hapa lengo ni kushawishi, kwa hiyo swali likawa: insha hizi zingesomwa kwenye baraza la wazazi, ipi ingemfanya mzazi afikiri upya? Azipange kwa kuzilinganisha mbilimbili, hii dhidi ya ile, mpaka apate safu kutoka juu hadi chini. Macho yetu ni dhaifu sana kumpa mtu 13 kati ya 16, lakini ni hodari kusema hii inazidi ile. Kisha weka safu yake kando ya safu iliyotolewa na rubriki. Usitafute kufanana kabisa. Tafuta insha iliyoruka nafasi nyingi.

Kwa rubriki ya kwanza, mrukaji alikuwa ni nani ikiwa si nambari 7? Mgeni aliiweka ya pili kutoka juu. Rubriki iliiweka karibu na mkia. Tukichukua alama za kawaida, insha ya 3 ilipata 3 kwa Hoja, 3 kwa Mpangilio, 4 kwa Lugha na 4 kwa Mapambo, jumla 14. Insha ya 7 ilipata 3, 2, 2 na 1, jumla 8. Mapambo ndiyo yaliyochimba shimo kubwa kuliko yote. Na walipotazama nguzo za Lugha na Mapambo kwa insha zote 12, waliona zinapanda na kushuka pamoja, kama mtu na kivuli chake. Vigezo viwili vikifanya hivyo kila mara, kwa kawaida kitu kimoja kinalipwa mara mbili, na mwenye kukikosa anatozwa faini mara mbili.

Hapo mjadala uliwaka, na nadhani ulistahili. Utamaduni wetu wa insha, tangu shule za msingi, umempa mtoto methali kama chumvi ya lazima, na vitabu vya maandalizi ya mtihani vina kurasa za tashbihi za kukariri. Mwalimu mmoja alisema hili ni somo la Kiswahili, si somo la uanasheria. Asiyepamba lugha ajifunze kupamba. Hoja yake si nyepesi, na hakuna jaribio lolote la rubriki linaloweza kuijibu. Jaribio linaonyesha tu kwamba kipimo kinalipa mapambo zaidi ya hoja kwenye kazi inayoitwa insha ya hoja. Kama ndivyo walimu wanavyotaka, waandike hivyo wazi juu ya karatasi ya swali. Kama sivyo, waibadilishe. Hawa wetu waliibadilisha: Mapambo yakaingizwa ndani ya Lugha kwa maneno haya, “methali na tamathali zikitumika, zinasukuma hoja mbele.” Nafasi iliyobaki ikapewa kigezo kilichokuwa hakipo kabisa, Kujibu upande wa pili, na Hoja ikapewa uzito mara mbili. Jumla mpya ni 20.

Kwa kipimo kipya, insha ya 3 ilipata 2 kwa Hoja, ambayo ikizidishwa ni 4, kisha 1 kwa kujibu upande wa pili, 3 kwa Mpangilio na 4 kwa Lugha: 12. Insha ya 7 ilipata 3 kwa Hoja, yaani 6, kisha 3, 2 na 2: 13. Kuna atakayesema tofauti ya alama moja ni ndogo mno baada ya jasho lote hilo. Mimi naona ni sawa. Mwandishi wa nambari 7 bado ana makosa ya kuandika, na rubriki inapaswa kuyaona. Ilichoacha kufanya ni kumzika.

Kulikuwa na jambo dogo la mwandiko. Insha ya 7 ilitolewa kwa sura mbili: walimu watatu walipata nakala ya mkono, wawili walipata iliyochapwa na kila kosa la mwanafunzi likiachwa mahali pake. Waliopata iliyochapwa walikuwa wa juu zaidi kwenye Mpangilio, kigezo kisichohusu mwandiko hata kidogo. Watu wawili dhidi ya watatu hawathibitishi lolote, lakini walitosha kuongezwa mstari mmoja chini ya jedwali: mwandiko hauingii kwenye kigezo chochote, usiposomeka kabisa, insha isomwe na mwalimu wa pili.

Mzunguko wa pili hauwezi kufanywa kwa insha zilezile. Baada ya alasiri nzima ya mabishano, walimu wamezikariri; wanajua nambari 7 “inapaswa” kupata nini, na watapatana hata kama rubriki imeandikwa kwa Kichina. Zinachukuliwa insha nyingine, nane hadi 10, na muhimu zaidi, anaongezwa msahihishaji ambaye hakuwepo kwenye mjadala. Hili ndilo jaribio lenye meno. Mara nyingi walimu watano hupatana vizuri kwa sababu maana imekaa vichwani mwao, ilhali karatasi bado ni bubu. Mgeni hana chochote ila karatasi. Alama zake zikikaa pamoja na zao, maana imeingia kwenye maandishi. Zikienda kando, muulize alisoma nini, uandike alichokosa.

Wanafunzi pia ni wasomaji wa aina hiyo. Wape darasa insha moja isiyo na jina na rubriki mpya, waipime wawiliwawili. Maswali yao huja haraka na hayana adabu ya kuficha. “Mwalimu, ‘msimamo’ ni kichwa cha insha?” Swali kama hilo likiulizwa na wanafunzi wengi, ni kisanduku kingine cha kuandikwa upya, na ni afadhali liulizwe sasa kuliko baada ya matokeo.

Pamoja na rubriki iliyorekebishwa, walimu huambatanisha insha za kielelezo, moja kwa kila kiwango, zenye maelezo mafupi pembeni ya kwa nini imepata alama hiyo. Ukiweza, weka na ya mpakani: 3 iliyonusurika kuwa 2. Hiyo hufundisha kuliko 4 iliyong’ara, kwa sababu hakuna mwalimu anayepata shida kuitambua insha iliyong’ara.

Kwenye mzunguko wa pili, Hoja ilitulia. Kilichobaki na alama za kuuliza ni Lugha. Maelezo yanasema “anatumia Kiswahili sanifu,” na katika insha mbili watoto waliandika “yuwabeba” na “yuwaja,” kama wanavyosikia pwani kila siku. Mwalimu aliyetoka Nakuru alihesabu kila tukio kuwa kosa. Mwenzake wa Likoni hakuhesabu hata moja. Alisema hakuyaona, na wenzake walimwamini. Walipendekeza kwamba neno la lahaja likirudiwa lihesabiwe mara moja tu, lakini mwalimu mmoja akauliza kama mtoto wa bara anayeandika “amekuja kwa nyumba” kwa maana ya “amekuja nyumbani” naye atahesabiwa mara moja. Kisanduku hicho kimezungushiwa penseli nyekundu na kitakwenda na insha za muhula ujao.